Barua pepe ya kuomba kazi kwa Kifaransa: salamu hukaa mkiani

Zuhura alinijia baada ya Alasiri nikiwa nimekaa barazani, akanipa simu yake bila ya neno. Kwenye kioo palikuwa na barua pepe ya Kifaransa, bado haijatumwa. Nikaisoma yote, nikarudi juu, nikaisoma tena.

"Mwalimu, sarufi nimekosea wapi?"

"Sarufi makosa yapo, lakini si makubwa. Kubwa ni kwamba umeandika barua ya Kiswahili kwa maneno ya Kifaransa."

Kazi yenyewe ilikuwa ya msaidizi wa utawala katika kampuni moja inayokodisha nyumba kwa wageni huko Shela, Lamu. Nyumba ziko kwetu, ofisi ya hesabu iko Ufaransa, na ndiyo maana walitaka mtu wa kuandikiana nao kwa lugha yao. Zuhura ana miaka mitatu kwenye mapokezi ya nyumba ya wageni hapa mjini, na Kifaransa chake ni cha kuzungumza. Amekiokota kaunta, neno baada ya neno, na anaelewana vizuri na mgeni anayeuliza maji ya moto au boti ya kwenda Manda. Kuandika ni shughuli nyingine. Mimi nilikisomea Moroni, Komoro, nilikokaa kwa ami yangu miaka minne. Ngazija, alikotoka Habib Swaleh aliyeanzisha msikiti wetu wa Riyadha, Kifaransa ni mojawapo ya lugha rasmi za nchi, na mtoto wa skuli huko hufundishwa barua ya namna hii mapema.

Tangazo lilikuwa fupi:

```
Recherchons assistant administratif (H/F), Shela, Lamu. Réf. AA-04.
Envoyez votre CV, accompagné d'un court message de présentation
en français, avant le 14 mars, 12 h (heure de Paris).
```

Mistari mitatu tu, lakini ina mitego miwili hata kabla hujaanza kuandika.

Wa kwanza ni ile "H/F". Maana yake ni "homme/femme", mwanamume au mwanamke, na huwekwa kwa sababu jina la kazi limeandikwa kwa umbo la kiume lakini nafasi iko wazi kwa wote. Zuhura alilinakili jina kama lilivyo, akaandika kwamba anaomba kazi ya "assistant administratif". Mwanamke huandika "assistante administrative", kwa herufi e mwishoni mwa maneno yote mawili. Kiswahili hakitofautishi karani mwanamume na karani mwanamke, kwa hiyo jicho letu halikuzoea kutafuta tofauti hiyo. Na haiishii kwenye jina la kazi. Kila neno linalomwelezea mwandishi hufuata jinsia yake: "motivée" kwa mwanamke, "motivé" kwa mwanamume, "intéressée", "intéressé". Aliyechukua kielelezo cha barua kwa rafiki wa kiume hujulikana hapo hapo, maana katikati ya barua huwa mwanamume na kwenye sahihi anarudi kuwa mwanamke.

Mtego wa pili ni saa. "12 h" si saa kumi na mbili. Ni adhuhuri, saa sita ya mchana, kwa sababu Wafaransa huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane. Isitoshe wameandika saa ya Paris, na katikati ya Machi Paris iko nyuma yetu kwa saa mbili (kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hubaki saa moja, wanaposogeza saa zao mbele). Kwa hiyo mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa nane mchana kwa saa yetu. Zuhura alidhani ana mpaka magharibi.

Hii hapa ndiyo barua aliyoniletea. Ameniruhusu niionyeshe.

```
Objet : Application

Bonjour cher Monsieur,
Comment allez-vous ? J'espère que vous et votre famille allez bien.
J'applique pour le travail d'assistant administratif. J'ai un diplôme
de collège de Mombasa. Je suis très excité de travailler avec vous.
Je serais disponible le 1 Avril.
Attaché est mon résumé.
Dans l'attente de votre réponse, veuillez agréer mes salutations.
Zuhura
```

Nianze na zile salamu, kwa sababu ndiko kulikokuwa na jambo lenyewe. Barua zetu za zamani, zile za hati za Kiarabu ambazo baadhi ya nyumba za Lamu bado zinazo sandukuni, huanza na salamu ndefu: jina la anayeandikiwa na sifa zake, dua ya afya, habari za nyumbani, kisha ndipo linakuja lile "ama baada ya salamu" na haja ikafuata. Mpaka leo mtu akimwandikia mkubwa wake kwa Kiswahili huona uzito kuanza na haja. Adabu yote iko kichwani mwa barua, na mwisho twaweza kufunga kwa neno moja, "wasalaam".

Barua rasmi ya Kifaransa imepinduliwa. Kichwani pana maneno mawili tu, "Madame, Monsieur," halafu koma, halafu mstari mpya unaoanza kwa herufi kubwa na kuingia moja kwa moja kwenye haja. Hakuna hujambo, hakuna habari za jamaa. Adabu yote imewekwa mkiani, katika sentensi moja ndefu ambayo wao huiita "formule de politesse". Msomaji wa Lyon au Marseille akikuta unamuuliza habari za familia yake kwenye maombi ya kazi haoni uungwana. Huona mtu ambaye hajui kazi ya barua, na kazi anayoiomba ni ya barua.

"Kwa hiyo niwe kavu?" Zuhura aliniuliza.

Si ukavu. Salamu iko, umeikosea mahali pake.

Hilo "cher Monsieur" nalo lina hatari mbili. "Cher" ni mpenzi au mpendwa, na Wafaransa hulitumia kwenye barua kwa mtu wanayefahamiana naye. Halafu tangazo halikusema anayesoma ni mwanamume. Usipojua, andika "Madame, Monsieur," na uyaache hivyo. Ukijua ni mwanamke na jina lake unalo, kanuni ya barua rasmi bado ni "Madame," peke yake, bila ya jina. Kwetu kusema "Bi" bila ya jina ni kama kumwita mtu njiani, lakini kwao jina likifuata hapo linaonekana la kibiashara, kama barua ya benki iliyotumwa kwa watu elfu. Siku hizi kwenye barua pepe wengi huandika "Bonjour Madame" na jina, na wala halimfukuzishi mtu. Mimi namshauri anayeomba kazi ya ofisi ashike lile la zamani. Na kama itabidi umtaje mwanamume kwa kifupisho, kifupisho cha "Monsieur" ni "M." na nukta, "Mr" ni cha Kiingereza.

Turudi kwenye sehemu ya mada. Zuhura alichapa "Objet : Application". Neno "Objet" ni jina la kisanduku chenyewe kwenye programu ya barua pepe ya Kifaransa, kwa hiyo ukilichapa ndani, msomaji analiona mara mbili. Na "application" kwa Kifaransa cha leo ni programu ya simu, au ni bidii, au ni kule kupaka kitu. Kadhalika kitenzi chake: "j'applique" husemwa na anayepaka dawa au rangi. Anayeomba kazi husema "je postule", au kwa barua hutumia nomino, "candidature". Mada iliyotimia ina mambo matatu: kwamba ni maombi, kazi gani na namba yake, na nani anayeomba. Anayepokea barua 60 kwa siku huzitafuta kwa hiyo namba.

Kwenye jina tulikaa kidogo. Mfaransa ana "prénom", jina lake, na "nom", jina la ukoo, na lile la ukoo huandikwa kwa herufi kubwa zote ili lijulikane. Sisi hatuna ukoo kwa maana hiyo; tuna jina, la baba na la babu. Zuhura alisaini kwa jina lake peke yake, jambo ambalo kwao ni kama kumwita bosi wako kwa jina la utoto. Nilimwambia achukue lile lililoandikwa kwenye pasipoti mahali pa jina la ukoo, kwake ni Omar, aliandike "Zuhura OMAR", na lisibadilike mahali popote: kwenye mada, kwenye sahihi, kwenye wasifu, na kwenye jina la faili. Watu hupoteza kazi kwa kuwa Zuhura Omar hapa, Z. O. Bakari pale, na faili linaitwa kitu kingine.

Sasa tumbo la barua. Sentensi moja hapo ilimharibia zaidi ya zote, na ndiyo aliyoiamini zaidi: "J'ai un diplôme de collège." Alitaka kusema amesoma chuo miaka miwili Mombasa. Lakini "collège" kwa Kifaransa si chuo. Ni skuli ya watoto wa miaka 11 hadi 15, inayofuata msingi, na mwisho wake wanafunzi hufanya mtihani unaoitwa "brevet". Tena "diplôme" kwao ni cheti chochote, kikubwa au kidogo. Peke yake hakisemi kiwango. Kwa hiyo msomaji kule alielewa kwamba binti huyu aliacha masomo akiwa na miaka 15. Miaka miwili ya chuo, na ada aliyoilipa mama yake kwa kuuza mikate ya sinia, ilifutika kwa neno moja.

Mtu huingia shauku ya kutafuta cheti cha Ufaransa kinacholingana na chake. Sipendi njia hiyo. Ukiandika "licence", umedai shahada ya miaka mitatu ya chuo kikuu, na siku wakitaka karatasi utaonekana mwongo. (Wala usidhani ni leseni ya gari, hiyo kwao ni "permis de conduire".) Kuna kipimo chao cha "bac+2", maana yake miaka miwili baada ya mtihani wa mwisho wa sekondari, na wengi hukitumia. Mimi naona bora kueleza ulichofanya: "deux années d'études de gestion administrative, après le secondaire". Miaka miwili ya kusomea utawala, baada ya sekondari. Yeyote anaelewa, na hujadai usichokuwa nacho.

Halafu "je suis très excité". Nilimwambia tu alifute, akaniuliza kwa nini, nikamwambia aliangalie kwenye kamusi akiwa peke yake. Alirudi kesho yake anacheka, uso kauficha kwa mtandio. Neno hilo laweza kuwa la mtoto anayerukaruka, na laweza kuwa la chumbani. Kwenye barua ya kazi halina pa kukaa. Wala hakuna haja ya kutafuta jingine la kuchukua nafasi yake, kwa sababu barua ya Kifaransa haisemi sana mwandishi anavyojihisi. Husema anachofanya.

Na hapo ndipo barua yake ilikuwa tupu. Mistari yote ile haikusema hata kazi moja aliyoifanya. Nikamuuliza: asubuhi ukifika kaunta unafanya nini? Akanihesabia kwa vidole. Anafungua kitabu cha wageni. Anajibu barua pepe. Anatoa ankara. Anapokea pesa na kufunga hesabu ya kasha jioni. Anawafuatilia muuza samaki, fundi wa jenereta na mwenye punda wa kubeba mchanga, nani kalipwa na nani bado.

"Haya," nikamwambia, "hiyo ndiyo kazi wanayoitaka. Mbona umeificha?"

Kila kimoja kina neno lake la ofisini. Mapokezi ni "l'accueil". Kasha la pesa ni "la caisse", na mwenye kulishika "tient la caisse". Kutoa ankara ni "établir les factures". Kufuatilia malipo ni "suivre les paiements", na wale wote, wa samaki, wa jenereta na wa punda, ni "les fournisseurs". Maneno hayo ndiyo anayoyatafuta karani wa kule anapopitisha jicho. Tulichagua yale ya msingi, tukaacha mengine yakae kwenye wasifu. Wameomba ujumbe mfupi wa kujitambulisha, hawakuomba ile barua ndefu ya sababu ambayo wao huiita "lettre de motivation". Lau wangeiomba, ingekuwa ukurasa mzima kwenye faili lake, na barua pepe ingebaki mistari minne ya kuisindikiza. Hapa haikuombwa, basi barua pepe ndiyo inayobeba mzigo, na mzigo wenyewe ni aya mbili.

Pana kosa jingine la herufi moja ambalo hata Wafaransa wenyewe hulifanya. Zuhura aliandika "je serais disponible", kwa s mwishoni. Bila ya s, "je serai", ni nitakuwa. Kwa s, "je serais", ni ningekuwa. Kwa mdomo wengi huyatamka sawasawa, ndiyo maana aliyejifunza kwa sikio hanusuriki. Sisi tuna bahati, kwa kuwa tofauti hiyo tunayo waziwazi: -ta- na -nge-. Jaribu sentensi kwa Kiswahili kwanza. "Nitakuwa tayari tarehe mosi Aprili" ni ahadi. "Ningekuwa tayari" humfanya msomaji aulize, kama nini? Tarehe nayo huandikwa "1er avril": siku ya kwanza peke yake ndiyo hupewa ile "er", na mwezi huanza kwa herufi ndogo.

"Attaché est mon résumé" ni Kiingereza kilichovaa kofia ya Kifaransa. "Résumé" kwao ni muhtasari wa habari. Wasifu wa kazi huitwa CV. Na kiambatisho husemwa kwa "ci-joint": "Vous trouverez ci-joint mon CV." Likitangulia jina la kitu, liache lilivyo, lisibadilike. Likifuata nyuma hukubaliana nalo, "la copie ci-jointe". Weka mbele, umepumzika.

Tumefika mkiani, na hapa naomba uvumilivu kidogo, maana sentensi ya mwisho ni moja lakini imejengwa kama dari la nyumba ya mawe. Ukitoa boriti moja yote inashuka. Zuhura aliandika "Dans l'attente de votre réponse, veuillez agréer mes salutations." Maneno yote ni sahihi. Kosa ni nani anayesubiri.

Kwa Kiswahili tukisema "nikisubiri jibu lako, pokea salamu zangu", ile ni- imeshasema anayesubiri ni mimi. "Dans l'attente" haina kiambishi cha nafsi. Ni "katika kusubiri" tu, bila ya mwenyewe. Kwa hiyo kanuni ya Kifaransa inamtafuta mwenyewe kwenye kitenzi kinachofuata, na kinachofuata ni "veuillez", tafadhali wewe. Ikawa mwajiri ndiye anayesubiri jibu lake mwenyewe. Dawa ni kuleta "je" mara tu baada ya koma: "Dans l'attente de votre réponse, je vous prie d'agréer". Ukitaka kutumia "veuillez agréer", itumie bila ya utangulizi wowote mbele yake. Kosa hili limeenea mno, utalikuta kwenye vielelezo vya kuuziwa na kwenye barua za makampuni makubwa, lakini mkuu wa ofisi wa umri fulani hulikamata kama mwiba wa changu.

Boriti ya pili ni kwamba maneno uliyomwitia kichwani lazima yarudi mkiani vilevile, kati ya koma mbili. Ulianza "Madame, Monsieur,", basi unafunga "je vous prie d'agréer, Madame, Monsieur,". Ukianza na "Madame," peke yake na kumaliza na "Monsieur", imejulikana kwamba ulinakili.

Ya tatu ni kile anachoombwa akubali. Wenye kuijali lugha husema hisia huelezwa, salamu hutolewa tu. Kwa hiyo ni ama "l'expression de mes sentiments distingués", ama moja kwa moja "mes salutations distinguées". Kuchanganya, "l'expression de mes salutations", kumezoeleka sana lakini wao hukukosoa. Na "salutations" bila ya sifa yoyote, kama alivyoandika Zuhura, ni salamu ya ugomvi. Ndivyo anavyofunga mtu anayedai deni lake. "Distinguées" humfaa kila mtu. "Respectueuses" huongeza heshima kwa mkubwa. Je, "Cordialement", ambalo ndilo linalojaa kwenye barua pepe za siku hizi? Wapo wanaolitumia hata kwenye maombi ya kazi na wakaajiriwa. Hilo ni neno la wafanyakazi wenza, na Zuhura hajawa mmoja wao.

Tuliiandika upya kabla ya Magharibi. Nilimwachia kalamu, mimi nikawa nauliza tu.

```
Mada: Candidature – assistante administrative (réf. AA-04) – Zuhura OMAR

Madame, Monsieur,

En réponse à votre annonce, je vous adresse ma candidature au poste
d'assistante administrative à Shela.

Depuis trois ans, je tiens l'accueil et la caisse d'une maison d'hôtes
de douze chambres à Lamu. J'établis les factures, je suis les paiements
des fournisseurs et je réponds aux courriels des clients, en anglais et
en français. J'ai suivi auparavant, à Mombasa, deux années d'études de
gestion administrative, après le secondaire.

Vous trouverez ci-joint mon CV. Je serai disponible à partir du 1er avril.

Dans l'attente de votre réponse, je vous prie d'agréer, Madame, Monsieur,
mes salutations distinguées.

Zuhura OMAR
```

Chini ya jina aliweka namba ya simu yenye +254, ambayo nimeitoa hapa. Kwa anayetaka kujua maana kwa ujumla: anajibu tangazo na kuomba kazi ya msaidizi wa utawala Shela, kwa miaka mitatu ameshika mapokezi na kasha la nyumba ya vyumba 12, anatoa ankara, anafuatilia malipo na kujibu wateja kwa Kiingereza na Kifaransa, alisoma Mombasa miaka miwili, wasifu umeambatishwa, atakuwa tayari kuanzia tarehe mosi Aprili. Hakuna sentensi inayomsifu, na sidhani inahitajika.

Alinisumbua kidogo kwenye neno "en français". Alitaka aongeze "couramment", kwa ufasaha. Nikamwambia barua yenyewe ndiyo itakayosema, na wakimpigia simu watajua ndani ya dakika moja. Kwenye wasifu, kama una cheti cha Kifaransa cha DELF, andika kiwango chake, B1 au B2. Kama huna, "français courant à l'oral" inatosha, yaani ni mwepesi wa kuzungumza, na hakuna uongo ndani yake.

Vya mashine ni vichache. Ongeza Kifaransa kwenye kibodi ya simu, la sivyo simu itageuza "poste" na "adresse" kuwa maneno ya lugha nyingine nyuma ya mgongo wako. Herufi é na è hupatikana kwa kuibana e muda kidogo, ç kwa kuibana c. Wafaransa huacha nafasi kabla ya alama ya kuuliza, ya mshangao na nukta pacha. Jina la faili, kinyume chake, lisiwe na nafasi wala alama juu ya herufi, kwa sababu baadhi ya mashine huzivuruga: `CV_Zuhura_OMAR.pdf`. Na barua jitumie mwenyewe kwanza. Zuhura alipojitumia aligundua kwamba hakuambatisha kitu, na huku mwenyewe ameshaandika "ci-joint".

Aliituma tarehe 12, siku mbili kabla. Tarehe 17 ukaja ujumbe wa mistari mitatu: "Madame," halafu kwamba maombi yake wameyapokea na wangependa kuzungumza naye kwa video tarehe 20, "à 10 h, heure de Paris", halafu "Cordialement" na jina la mwanamke.

Alikuja mbio. Swali lake halikuwa la mahojiano. Alitaka kujua kama sasa naye anaruhusiwa kufunga kwa "Cordialement".

Sasa anaruhusiwa, kwa sababu aliyeko juu ndiye aliyeteremsha. Na kichwani ataandika "Madame," peke yake, kwa kuwa anayesoma ameshajulikana. Tukaandika sentensi moja: "Je vous confirme ma disponibilité le 20 mars à 10 h, heure de Paris." Kabla ya kubonyeza akasimama, akahesabu kwa vidole kutoka kumi, akaongeza mbili, akatoa sita.

"Saa sita mchana," akasema. "Adhana ya Adhuhuri itanikuta hewani."

"Funga dirisha la upande wa msikiti," nikamwambia.

Akaituma.